Gridi ya sistoli inatoa majibu mabovu: soma umbo la kosa kabla ya kufungua mawimbi

Gridi ya sistoli ni seli ndogo zilizopangwa kwa mistari na safu, zinazozidisha matriksi kwa kupokezana data. Ikikosea, haikosei ovyo. Kila seli hupokea data kutoka kwa majirani wawili tu, mmoja wa kushoto na mmoja wa juu, na kila mpigo wa saa huisogeza data hiyo hatua moja. Kwa hiyo kosa la mpigo mmoja mahali fulani huacha alama yenye umbo linalojulikana kwenye matriksi ya majibu. Ukilijua umbo hilo, mara nyingi utaitambua hitilafu kabla ya kufungua hata waya mmoja kwenye dirisha la mawimbi.

Mwongozo huu unashughulikia mpangilio ambao jumla hubaki ndani ya seli: matriksi A huingia kutoka kushoto, B huingia kutoka juu, na kila seli hujikusanyia jibu lake la C. Mfano ni wa 3 kwa 3, kwa kuwa unatosha kufuatiliwa kwa mkono na kanuni zake hazibadiliki gridi ikikua. Mpangilio wa uzito usiohama, ule wa TPU ya kwanza, chipu ya Google ya kazi za mitandao ya neva, umewekwa mwishoni kwa ufupi, maana makosa yake mengi ni ndugu wa haya.

## Kanuni moja ya kukaa nayo

Tuhesabu mistari i, safu j na mipigo kuanzia 0. Kipengele A[i][k] kinatakiwa kuzidishwa na B[k][j] ndani ya seli (i,j). A inahitaji mipigo j kuvuka hadi safu ya j, na B inahitaji mipigo i kushuka hadi mstari wa i. Ukiwalisha wote bila kuwapanga, mmoja atafika kabla ya mwenzake. Ndiyo maana data hulishwa mshazari: mstari i wa A unacheleweshwa mipigo i, na safu j ya B inacheleweshwa mipigo j. Hapo wote wawili hufika kwenye seli (i,j) kwa mpigo i+j+k, na kila zao linapatikana kwa wakati wake.

Seli yenyewe ni fupi:

```verilog
always @(posedge clk) if (en) begin
  a_out      <= a_in;
  b_out      <= b_in;
  kwanza_out <= kwanza_in;
  jumla      <= kwanza_in ? a_in * b_in
                          : jumla + a_in * b_in;
end
```

Alama ya `kwanza` husafiri pamoja na A kama biti yake ya tisa. Huwa 1 pale tu k ikiwa 0, na huiambia seli itupe jumla ya zamani na kuanza upya. Tutairudia, kwani makosa mengi ya udhibiti huanzia hapo.

## Tumia matriksi inayojieleza

Watu wengi hujaribu gridi kwa namba za kubahatisha. Namba hizo zitakuambia kwamba jibu si sahihi, basi. Chukua badala yake matriksi ambayo kila mstari wa A ni 1, 2, 4 na kila safu ya B ni 1, 8, 64. Zote zinaingia kwenye biti 8 zenye alama ya hasi na chanya.

Zao la kipengele k cha A na kipengele m cha B linakuwa 2 kwa kipeo cha k+3m. Kila jozi inayowezekana ina biti yake peke yake, kwa hiyo jibu la seli ni orodha ya nani alikutana na nani. Jozi zikikutana sawasawa, yaani m=k, kila seli inatoa 1+16+256 = 273, ambayo kwa heksadesimali ni 0x111. Isome kutoka kulia: zao la k=0 limeingia mara moja, la k=1 mara moja, na la k=2 mara moja.

Ikiwa A imechelewa mpigo 1 kuliko B, A ya k inakutana na B ya k+1, na jibu ni 8+128 = 0x088. Ikichelewa 2, inabaki jozi moja tu: 0x040. B ikichelewa 1 unapata 2+32 = 0x022, na ikichelewa 2 unapata 0x004. Tofauti ya mipigo 3 na zaidi inatoa 0, kwani hakuna kinachokutana tena.

Matriksi hii ina kasoro moja: mistari yote ya A inafanana, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha kwamba mistari imebadilishana nafasi. Ikishapita, endesha jaribio la pili ambalo A ni matriksi ya utambulisho na B ina namba tisa tofauti. C lazima iwe B ileile. Ikitoka imepinduliwa au imegeuzwa, nyaya zako za kutolea majibu zimechanganywa, na hilo ni la kurekebisha kwenye faharasa tu.

## Ulalo mkuu ni sahihi, pembeni si sahihi

```
111 088 040
022 111 088
004 022 111
```

Hii ni picha ya gridi isiyo na mshazari kabisa. A inafika kwenye seli kwa mpigo k+j, B kwa mpigo m+i, hivyo m = k+j−i. Pale i=j hitilafu inajifuta yenyewe, na ndiyo sababu ulalo mkuu unadanganya. Aliyepima C[0][0] na C[2][2] peke yake ataamini kazi imekwisha.

Ukiona umbo hilohilo lakini kali zaidi, mshazari upo ila umegeuzwa, yaani mstari wa 0 ndio unaocheleweshwa zaidi:

```
111 040 000
004 111 040
000 004 111
```

Hapa tofauti ni 2(j−i) badala ya j−i. Chanzo cha kawaida ni kufungasha mistari kwenye basi moja pana ambapo upande mmoja unaweka mstari wa 0 kwenye biti za juu, na upande mwingine unautafuta kwenye biti za chini. Usigeuze kitanzi cha ucheleweshaji ili namba zikae sawa. Rekebisha ufungashaji, la sivyo majibu yatatoka yamepinduliwa na utalazimika kupindua mahali pengine tena.

## Mstari wa 0 peke yake ni sahihi, au safu ya 0 peke yake

Mistari ikitoka 0x111, kisha 0x022, kisha 0x004 kwa safu zote, A haicheleweshwi inavyotakiwa. Safu zikitoka 0x111, 0x088, 0x040 kwa mistari yote, B ndiyo haicheleweshwi. Mara nyingine ni kweli kwamba mtu amesahau rejista za upande mmoja. Lakini zipo nyakati ambazo rejista zote zipo, zimehesabiwa, na umbo hili bado linaonekana. Hapo tatizo liko ndani ya gridi.

Kanuni kamili ya mshazari si kwamba mstari i unachelewa i. Ni kwamba mstari i unachelewa sawasawa na muda ambao B inautumia kushuka hadi mstari huo, na safu j inachelewa sawasawa na muda ambao A inautumia kuvuka hadi safu hiyo. Hatua moja ikichukua mpigo mmoja, kanuni hizi mbili zinafanana. Zinaachana mara tu mtu anapoongeza rejista kwenye nyaya za kati ya seli ili saa iweze kwenda kasi zaidi.

Tuseme nyaya za wima zimepewa rejista mbili kwa kila hatua na za mlalo zimebaki na moja. B sasa inafika kwa mpigo m+j+2i, A kwa mpigo k+i+j, hivyo m = k−i. Ni picha ileile ya A isiyocheleweshwa, ingawa hujagusa upande wa A. Dawa ni kuuchelewesha mstari i mipigo 2i.

Hali inayochanganya zaidi ni rejista moja ya ziada katikati ya gridi, kwa mfano pale gridi inapovuka kutoka sehemu moja ya chipu kwenda nyingine. Ikiwekwa kwenye nyaya za wima kati ya mstari wa 1 na wa 2, mistari miwili ya juu itakuwa sahihi na mstari wa 2 wote utatoa 0x022. Ongeza mpigo mmoja kwenye ucheleweshaji wa A kwa mistari yote iliyo chini ya mpaka huo, na kumbuka kwamba jibu la mwisho nalo sasa linachelewa mpigo mmoja.

## Seli zote zinakosea kwa namna moja

Seli tisa zote zikitoa 0x088, mshazari wako ni mzima na tatizo liko nje ya gridi: upande wote wa A umechelewa mpigo 1. Angalia kumbukumbu zinazolisha pande mbili. Kwenye FPGA, kumbukumbu ya BRAM ina rejista ya hiari ya kutolea data, na ikiwashwa kwa A lakini si kwa B, usomaji wa A unachukua mipigo 2 na wa B mpigo 1. Ikiwa kinyume, seli zote zitatoa 0x022. Sawazisha kwenye chanzo, kabla ya rejista za mshazari, ili jedwali la ucheleweshaji libaki safi.

Kuna kosa jingine la seli zote ambalo linaweza kupita jaribio la matriksi yetu bila kuonekana. Ukiweka rejista baada ya kizidishi, kama rejista ya M iliyo ndani ya DSP48, kizidishi kilichojengwa ndani ya FPGA za Xilinx, zao linafika kwenye jumla mpigo mmoja baadaye. Hilo halivurugi mshazari hata kidogo, mradi `a_out` na `b_out` zinachukuliwa kabla ya kizidishi. Ila alama ya `kwanza` inapaswa kucheleweshwa mpigo huohuo kabla ya kuamua kupakia au kujumlisha. Isipocheleweshwa, seli inapakia zao la mwisho la kipande kilichotangulia, yaani jozi ya matriksi iliyolishwa kabla ya hii, kisha inaongeza k=0 na k=1 za kipande chake, na jibu linachukuliwa kabla ya k=2 kuingia.

Sasa ukirudia kipande kilekile mfululizo, 0x100 ya kipande kilichopita inaziba nafasi ya 0x100 inayokosekana, na unasoma 0x111 yenye afya kamili kuanzia kipande cha pili. Ndiyo maana majaribio ya vipande mfululizo lazima yapishane. Lisha matriksi yetu, kisha sifuri tupu. Kosa hili likiwepo, kipande cha kwanza kitatoa 0x011 na cha sifuri kitatoa 0x100.

## Hitilafu inafuata ulalo mwingine

Angalia sasa picha hii, iliyosomwa mipigo 5 baada ya kuanza:

```
111 111 111
111 111 011
111 011 001
```

Makosa hayafuati tena j−i. Yanafuata i+j, yaani ulalo unaotoka kulia juu kwenda kushoto chini. Hii ni tofauti ya kushikilia kuliko zote. Kosa linalofuata j−i ni la mpangilio: vizidishwa havikukutana. Kosa linalofuata i+j ni la wakati: vilikutana vizuri, lakini mtu amesoma, amefuta au ameacha kulisha kwa wakati usiofaa.

Hapa jumla zimesomwa mapema. Seli (i,j) inapokea zao lake la mwisho kwa mpigo i+j+K−1, K ikiwa ni idadi ya mazao ya kila jumla. Gridi ya mistari R na safu C inahitaji mipigo R+C+K−2 kwa jumla. Kwa 3 kwa 3 ni mipigo 7, na jibu linaonekana kwenye rejista ya jumla mwanzoni mwa mpigo unaofuata. Kila rejista ya ziada kwenye njia, iwe ya kuingilia, ya kizidishi au ya kutolea, inaongeza mpigo wake.

Namba zikizidi badala ya kupungua, mlishaji hajanyamaza. Baada ya kipengele cha mwisho anapaswa kutuma sifuri. Akiendelea kushikilia namba ya mwisho, zao la k=2 linaongezwa kila mpigo, na ukisoma baada ya mipigo 7 unapata hivi:

```
511 411 311
411 311 211
311 211 111
```

Tarakimu ya kushoto imehesabu kila ziada. Pembe ya chini kulia ni sahihi kwa sababu imemaliza mwisho na haijapata nafasi ya kuharibika. Msomaji wa namba za kawaida angeona seli moja nzima na nane mbovu, na angeanza kutafuta hitilafu kwenye seli hizo nane, ambazo hazina kosa lolote.

Chanzo cha tatu cha umbo hili ni kufuta jumla kwa waya mmoja unaofika seli zote kwa pamoja, huku vipande vikifuatana bila kupumzika. Kipande cha pili kinaanza mpigo wa 3. Seli (0,0) imemaliza cha kwanza mpigo wa 2, hivyo kwake kufuta ni sawa. Seli zenye i+j=1 bado ziko k=2, na zinabaki na 0x100 peke yake. Zenye i+j=2 zinabaki na 0x110. Kisha zile za mbali, ambazo hazijaanza au ndiyo kwanza zinaanza, zinatoa 0x111. Hakuna mpigo mmoja wa pamoja unaofaa kwa seli zote, isipokuwa uache gridi imalize kabisa kati ya vipande. Kwenye gridi kubwa yenye K ndogo huko ni kupoteza sehemu kubwa ya muda wa gridi. Amri ya kufuta lazima nayo isafiri mshazari, na ndiyo kazi ya `kwanza` iliyofungwa pamoja na A. Faida yake nyingine ni kwamba seli inayopokea `kwanza` inajua kwamba kilichomo kwenye `jumla` muda huo ni jibu kamili la kipande kilichopita. Lichukue mpigo huohuo, maana mpigo unaofuata limeshafutika.

## Sahihi mpaka kumbukumbu inaposita

Gridi inapita kila jaribio kwenye simulesheni, kisha inakosea mara mojamoja ikiunganishwa na kumbukumbu halisi. Makosa hayarudii mahali pamoja. Shuku waya wa `en`, ule unaoziruhusu rejista kusogea.

Data ikichelewa kutoka DRAM, gridi nzima inatakiwa kuganda. Waandishi wengi hukumbuka kuziweka seli chini ya `en` na kusahau rejista za mshazari, ambazo kwa kawaida ziko kwenye moduli nyingine. Seli zinasimama, rejista za mshazari zinaendelea kusogea, na kipengele kilichokuwa mlangoni mwa seli kinaanguka bila kuchukuliwa.

Tuifuate hali hii kwenye mstari wa 1. Mpigo wa 2 ndio uliosita. Rejista ya mshazari imeshika A[1][1], chanzo kinaonyesha A[1][2]. Seli haichukui kitu, lakini rejista inajaza A[1][2] juu ya A[1][1]. Mpigo unaofuata chanzo bado kinaonyesha A[1][2], kwa kuwa chenyewe kiliganda, na kinaingia mara ya pili. Seli imepokea k=0, k=2, k=2. Safu ya 1 ya B imepatwa na jambo lilelile, kwa hiyo seli (1,1) inatoa 1+256+256, yaani 0x201. Soma tarakimu: k=1 hakuna kabisa, k=2 mara mbili. Seli (0,0), ambayo haina rejista ya mshazari upande wowote, inabaki 0x111.

Tarakimu ya 0 na ya 2 zikionekana pamoja namna hiyo, kilichosogea peke yake ni mshazari. Uweke chini ya `en` ileile. Kuthibitisha, endesha simulesheni ambayo `en` inazimwa kwa bahati nasibu karibu robo ya mipigo, na udai majibu yawe yaleyale hadi biti ya mwisho. Jaribio hilo lingewekwa tangu siku ya kwanza, makosa haya yasingefika kwenye bodi.

Gridi ikiwa kubwa, waya mmoja wa `en` unaofikia kila seli huwa mrefu mno na unapunguza kasi ya saa. Njia mbadala ni kutogandisha kitu: chanzo kikikosa data kinatuma sifuri kwa A yote na kwa B yote, kwa mpigo uleule, kabla ya mshazari. Sifuri mara sifuri haiongezi kitu, na pengo linasafiri mshazari kama data nyingine. Kosa la njia hii ni kutuma sifuri upande mmoja na kuuacha mwingine uendelee. Kuanzia k hiyo kwenda mbele, vizidishwa vyote vimepishana mpigo mmoja.

## Matriksi ya majaribio inapita, data halisi haipiti

Umbo likiwa safi na namba halisi zikiwa mbovu, acha kutafuta mpigo uliopotea. Sasa ni suala la biti.

Matriksi yetu haina namba hasi, kwa hiyo haigusi alama ya hasi. Lisha A yenye −3 na B yenye 5. Ukipata 1265 badala ya −15, tofauti ni 1280, yaani 256 mara 5: −3 imesomwa kama 253. Katika Verilog usemi wote unageuka kuwa usio na alama kama kizidishwa kimoja tu hakina alama, na kipande kilichokatwa kutoka kwenye basi hakina alama hata kama basi lenyewe lilitangazwa `signed`. Mstari wa kwanza hapa ni mbovu, wa pili ni mzima:

```verilog
zao = a_basi[8*i +: 8] * b_in;
zao = $signed(a_basi[8*i +: 8]) * b_in;
```

Tofauti zikiwa 65536 au namba inayogawanyika kwayo, jumla imefurika biti 16. Zao la biti 8 kwa biti 8 linaingia kwenye biti 16, na hapo watu hudhani jumla nayo itaingia. Lakini −128 mara −128 ni 16384, na mazao mawili ya namna hiyo ni 32768, ambayo tayari imepita kiwango cha biti 16 zenye alama. Biti 32 zinabeba mazao 131,071 ya ukubwa huo, kwa hiyo kwa biti 8 zinatosha kwa karibu kila kazi.

## Simulesheni mbili, majibu mawili

Programu moja ya simulesheni ikisema sawa na nyingine ikisema si sawa, tafuta `=` pale palipotakiwa `<=`. Kwa `=`, seli inaweza kusoma thamani ambayo jirani yake ameiandika mpigo huohuo, na data inaruka seli mbili au tatu kwa mpigo mmoja kutegemea mpangilio ambao programu imechagua. Kwenye mawimbi utaona `b_out` za mistari miwili zikibadilika kuwa namba ileile kwa ukingo uleule wa saa.

Kosa linalojitokeza kwenye bodi tu, tena kwenye kipande cha kwanza baada ya `rst`, ishara ya kuanzisha upya, lina chanzo kingine. Rejista za mshazari zikiandikwa bila `rst`, Vivado, programu ya Xilinx ya kujenga FPGA, huzikusanya kwenye SRL, yaani rejista za kusogeza zilizo ndani ya LUT, ambazo hubana nafasi vizuri sana lakini hazina mlango wa kufutwa. Data ya kazi iliyokatizwa inabaki humo na kutoka baadaye. Baada ya kuwasha umeme huoni kitu, kwa kuwa zinaanza na sifuri. Katika muundo wenye `kwanza` data hiyo ya zamani haina madhara kwenye jumla, kwani inatupwa. Hatari ni biti ya `kwanza` ya zamani iliyonasa humo, inayosababisha jibu la uongo kuhesabiwa na majibu yote yanayofuata kusogea nafasi moja. Lisha sifuri kwa mipigo N−1, N ikiwa ni ukubwa wa gridi, huku `rst` ikiwa bado imeshikiliwa, au zuia SRL kwa biti ya `kwanza` tu kwa `(* shreg_extract = "no" *)`.

## Uzito ukiwa ndio usiohama

Kwenye TPU ya kwanza ya Google, iliyoanza kazi kwenye vituo vyao vya data mwaka 2015, gridi ni ya 256 kwa 256, uzito hukaa ndani ya seli, data huingia kushoto na jumla hushuka chini. Mshazari wa kuingilia uko upande mmoja tu, lakini kuna mshazari wa kutokea: jibu la safu j linatoka mipigo j baada ya la safu 0. Lazima safu j icheleweshwe tena mipigo N−1−j mlangoni. Usipofanya hivyo, namba zote zitakuwa sahihi ila kila safu itakuwa imeshuka hatua moja zaidi ya iliyo kushoto kwake, na mstari mmoja utabeba majibu ya data tofauti.

Lisha matriksi ya utambulisho: majibu yawe uzito wenyewe. Yakitoka na mistari iliyopinduliwa juu chini, uzito umepakiwa kwa mpangilio usio sahihi. Mstari unaosukumwa kwanza kutoka juu ndio unaoishia chini kabisa, hivyo anza na mstari wa N−1 na umalize na wa 0.

Gridi hiyo ya Google hushika pia seti ya pili ya uzito, ili mipigo 256 ya kupakia ifichwe nyuma ya hesabu inayoendelea. Ukiiga mbinu hiyo, alama ya kubadilisha seti inapaswa kufika seli (i,j) kwa mpigo i+j baada ya seli (0,0), pamoja na data ya kwanza ya uzito mpya. Ukiituma kwa seli zote kwa pamoja, utauona tena ule ulalo wa i+j: seli za mbali zinazidisha data ya zamani kwa uzito mpya, na majibu machache ya mwisho ya kila kipande ndiyo yanayoharibika.